Joto Likizidi, Prosesa Hujibana: Kwa Nini Laptopu Huvuma Kisha Ikawa Nzito

Kompyuta mpakato inayolemewa na joto huonyesha dalili zake kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza feni huanza kuvuma kwa nguvu, na haitulii hata mtumiaji akifunga programu mbili tatu. Kisha mashine huwa nzito: ukurasa uliokuwa ukifunguka mara moja huchukua muda, sauti kwenye mkutano wa video hukatika-katika, mshale hujikokota kwenye skrini. Asipochukua hatua, mwisho hutokea onyo la joto au mashine huzimika ghafla. Wengi huitazama dalili ya pili kama ugonjwa. Hudhani kuna kirusi, au diski imechoka, au mashine imezeeka tu. Kumbe uzito huo ni kinga. Prosesa yenyewe ndiyo iliyopunguza mwendo ili isiungue, na hufanya hivyo bila kumuuliza mtumiaji wala programu yoyote.

Jambo linalowatatiza watu ni ughafla wake. Vumbi hujaa taratibu kwa miezi na miaka, lakini mashine huonekana nzima hadi siku moja inapokuwa haibebeki. Sababu ya ughafla huo imo katika uhusiano kati ya mwendo wa prosesa na joto inalotoa, na anayeuelewa uhusiano huo huweza kujua kama laptopu yake inahitaji fundi, inahitaji kuinuliwa juu ya meza, au haina tatizo la joto hata kidogo.

Joto linakotoka

Prosesa ni kipande cha silikoni kinachokaribia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na ndani yake mna transista zinazohesabika kwa mabilioni. Kila transista inapowaka na kuzimika, chaji ndogo ya umeme huingia na kutoka, na nishati ya chaji hiyo huishia kuwa joto. Hakuna sehemu inayogeuka kuwa mwanga au kazi ya kusukuma kitu. Prosesa inayotumia wati 15 ni sawa kabisa na hita ya wati 15, isipokuwa joto lake limebanwa kwenye eneo dogo sana.

Kiasi cha joto hilo hutegemea hasa mambo mawili: prosesa inapiga mizunguko mingapi kwa sekunde, na inapewa volteji kiasi gani. Mizunguko ikiongezeka kwa asilimia 10, joto nalo huongezeka kwa asilimia 10. Volteji ina ukali zaidi, kwa sababu athari yake hujizidisha yenyewe: ikipanda kwa asilimia 10, joto hupanda kwa asilimia 21. Na mambo haya mawili hayaachani. Transista haiwezi kuwaka na kuzimika haraka zaidi bila kusukumwa na volteji kubwa zaidi, kwa hiyo prosesa inayoongeza mbio hulipa mara mbili. Katika sehemu kubwa ya mwendo wake, kuongeza mizunguko kwa asilimia 10 hugharimu takribani theluthi moja zaidi ya umeme. Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo kinga ilipojengwa: kupunguza mwendo kidogo tu huondoa joto jingi.

Mfano mmoja utafaa kufuatwa hadi mwisho. Intel Core i5-8250U ilitoka mwaka 2017, na mpaka leo imo ndani ya laptopu nyingi za ofisi zilizotumika ambazo huuzwa Dar es Salaam na Nairobi. Ina viini vinne. Mwendo wake wa msingi ni gigahezi 1.6, mwendo wake wa juu kabisa ni gigahezi 3.4, na imesanifiwa kutoa joto la wati 15 inapofanya kazi nzito mfululizo kwa mwendo wa msingi. Pengo kati ya 1.6 na 3.4 si kosa la uchapaji. Ile ya juu ni mbio za muda mfupi: mtumiaji anapofungua programu, prosesa huruhusiwa kuvuka wati 15, ikafika 25 au hata 40 na ushei kutegemea mtengenezaji wa laptopu, kwa muda ambao kwa kawaida ni kama sekunde 28. Muda huo ukiisha, hurudishwa kwenye wati zake za kawaida. Hivyo laptopu nzima kabisa, mpya na isiyo na chembe ya vumbi, hupungua mwendo katika nusu dakika ya kwanza ya kazi nzito. Huko si kuzidiwa na joto, na fundi anayeuza dawa ya tatizo hilo anauza maji.

Njia ya joto kutoka nje

Joto likishazalishwa lazima litoke, na katika laptopu njia ni nyembamba. Juu ya chipu hupakwa pesti ya kupitisha joto, kisha hukandamizwa bamba la shaba. Kazi ya pesti ni kujaza vishimo visivyoonekana kwa macho kati ya nyuso mbili ambazo hazigusani sawasawa, kwa sababu hewa iliyobaki katika vishimo hivyo huzuia joto vibaya sana. Kwenye bamba hilo kumechomelewa mrija wa shaba uliobapwa, nao hauko mtupu wala haujajaa. Ndani yake mna maji kidogo sana, na hewa imenyonywa ili maji hayo yachemke hata kwa joto la chini. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa pili ulio baridi, hugeuka tena matone kama unavyofanya kwenye mfuniko wa sufuria, na matone hurudi yalikotoka yakifyonzwa na utando uliomo kwenye kuta za mrija. Mzunguko huo hauna pampu wala sehemu inayochakaa, na hubeba joto kuliko kipande kizima cha shaba cha unene uleule.

Mwisho wa mrija kuna safu ya mabati membamba yaliyopangwa bega kwa bega, ambayo mafundi wengi huyaita mapezi. Feni huvuta hewa, aghalabu kupitia matundu ya chini ya laptopu, na kuipuliza kati ya mapezi hayo hadi nje kwa ubavuni au nyuma. Nafasi kati ya pezi na pezi ni kama milimita moja. Hapo ndipo penye shida. Vumbi la kawaida lingepita, lakini nyuzi za nguo, nywele na manyoya ya paka hunasa kwenye mdomo wa mapezi, vumbi likanasa juu yake, na baada ya muda hufumika kitu kinachofanana na kipande cha blanketi. Kiko kati ya feni na mapezi, mahali ambapo anayechungulia kwa nje hakioni. Mtu anaweza kutazama matundu ya pembeni, akayaona masafi, na bado hewa ikawa haipiti.

Feni yenyewe haijui kwamba njia imeziba. Inachojua ni amri ya kuongeza kasi kadiri joto linavyopanda. Ndiyo maana kelele hutangulia uzito: kwa miezi kadhaa feni hulipia uchafu kwa kuzunguka haraka zaidi, na prosesa haipungui mwendo hata kidogo. Feni ikishafika kasi yake ya juu, ambayo katika laptopu nyingi ni mizunguko elfu kadhaa kwa dakika, haina tena cha kuongeza. Kuanzia hapo mzigo wote humwangukia mwenye kutoa joto.

Kinga iliyomo ndani ya chipu

Ndani ya kila kiini cha prosesa kuna kihisi joto. Kwa i5-8250U kikomo kimewekwa nyuzi 100 za Selsiasi. Kihisi kikifika hapo, sakiti iliyomo ndani ya chipu hushusha mizunguko na volteji hatua kwa hatua, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, mpaka joto litulie. Joto likishuka kidogo, mwendo hurudishwa. Likipanda, hushushwa tena. Kwa hiyo laptopu iliyozidiwa haionyeshi nyuzi 120 au 130. Hung'ang'ania karibu na kikomo chake, kwa dakika nyingi, huku mwendo ukiyumba chini yake. Wengine wakiona namba hiyo imesimama pale hudhani kihisi kimekufa, kumbe ndicho kinachofanya kazi kwa bidii kuliko kitu kingine chochote ndani ya mashine.

Juu ya kikomo hicho kuna cha pili, kisicho na majadiliano. Kama kujibana hakukutosha, kwa mfano bamba la shaba limelegea na haligusi chipu, umeme hukatwa mara moja bila kuhifadhi kazi iliyofunguliwa. Mashine ikiwashwa tena, baadhi ya watengenezaji huandika sababu kwenye skrini nyeusi ya mwanzo, kwa maneno kama `Previous shutdown due to thermal event`. Ujumbe mwingine wa skrini hiyo hiyo huhusu feni: `Fan error` kwenye baadhi ya mashine, `System Fan (90B)` kwenye nyingine. Huo wa feni usipuuzwe kwa kubonyeza kitufe cha kuendelea, kwa sababu maana yake ni kwamba mashine imeagiza feni izunguke na haikupata jibu.

Kinga hizi hazikuwepo tangu zamani. Pentium 4, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2000, ilikuwa na uwezo wa kujibana ndani ya chipu. Mwaka 2001 jarida la Tom's Hardware lilionyesha video iliyozungumzwa sana, ambamo kipoza joto kiliondolewa juu ya prosesa huku mchezo ukiendelea. Pentium 4 ilipunguza mwendo, mchezo ukawa mzito, lakini haikufa. Athlon ya AMD ya wakati huo ilitoa moshi ndani ya muda mfupi sana na kuharibika moja kwa moja. Njia ya Pentium 4 za mwanzo ilikuwa ya kibabe: iliwasha na kuzima mizunguko yote kwa zamu, bila kugusa volteji, hivyo ilipoteza mwendo mwingi kwa kuondoa joto kidogo. Prosesa za baadaye zilianza kushusha volteji pamoja na mizunguko, na kwa hesabu iliyokwishaelezwa, hapo ndipo kinga ikawa nafuu.

Kwa nini uzito huja ghafla

Unafuu huo ndio unaoficha tatizo. Ugumu wa njia ya joto unaweza kupimwa kwa namba moja: chipu inapanda nyuzi ngapi juu ya joto la chumba kwa kila wati inayotoa. Tuseme kwa laptopu ya mfano, ikiwa safi, namba hiyo ni 4. Tarakimu zinazofuata ni za kueleza tu, kwa kuwa kila modeli ina yake, lakini mwenendo wake ndio uleule.

Kwa wati 15, chipu itakuwa nyuzi 60 juu ya chumba. Ofisini penye kiyoyozi cha nyuzi 22 itasimama kwenye 82. Chumbani Dar es Salaam mchana wa Februari, nyuzi 32, itasimama kwenye 92. Joto la chumba huongezwa moja kwa moja, nyuzi kwa nyuzi, na feni haina namna ya kulipunguza, kwa sababu hupuliza hewa ileile iliyomo chumbani. Mashine ambayo Nairobi haikuwahi kulalamika huweza kuanza kulalamika wiki ya kwanza ikihamia Mombasa, bila kitu chochote kuharibika.

Sasa vumbi liingie, na namba ipande kutoka 4 hadi 5.5. Kwa wati 15 chipu ingepaswa kufika 114, jambo lisiloruhusiwa. Kutoka 32 hadi 100 kuna nyuzi 68 tu za kutumia, na 68 ukigawa kwa 5.5 hupata wati 12 na kidogo. Prosesa itajibana hadi hapo. Je, mtumiaji amepoteza kiasi gani? Wati zimepungua karibu asilimia 18, lakini kwa kuwa volteji nayo imeshuka, mwendo umepungua kwa asilimia 6 hivi. Hakuna mtu anayeihisi asilimia 6. Anachosikia ni feni tu, na feni huzoeleka.

Vumbi liendelee, namba ifike 8. Sasa zinazoruhusiwa ni wati 8.5, karibu nusu ya mwanzo, ilhali mwendo umepungua kwa asilimia kama 17. Mtumiaji huanza kusema mashine imezeeka. Bado inafanya kazi zake zote.

Kisha feni isimame, au blanketi la vumbi lizibe mdomo mzima, namba iruke hadi 17. Wati 4 tu ndizo zilizobaki. Hapa mambo mawili hukutana kwa wakati mmoja. La kwanza, sehemu ya wati hizo haiendi kwenye hesabu za programu kabisa: kuna sehemu za chipu zinazohudumia skrini na kumbukumbu, na hizo hula fungu lao iwe iwavyo. La pili ni kubwa zaidi. Volteji ina sakafu ambayo chini yake transista haziaminiki, na prosesa ikishafika kwenye sakafu hiyo haina tena cha kushusha isipokuwa mizunguko. Ule unafuu wa kupunguza mwendo kidogo na kupata ubaridi mwingi umekwisha. Kuanzia hapo kila wati inayookolewa hulipiwa kwa mwendo kamili. Mwendo huweza kuporomoka chini ya gigahezi 1, na dirisha la kivinjari likachukua sekunde nyingi kufunguka. Kati ya hali ya jana na hali ya leo huenda vumbi lililoongezeka ni kidogo sana. Lililobadilika ni kwamba mteremko umekwisha na genge limeanza.

Kuna kikomo kingine kinachowashangaza wenye laptopu nyembamba. Mashine hizo huwa na kihisi karibu na kibodi au sehemu ya chini, kwa ajili ya ngozi ya mtumiaji, kwa kuwa bati lililokaa mapajani haliruhusiwi kuwa moto kupita kiasi. Bati likikaribia joto hilo, wati hupunguzwa hata kama chipu yenyewe iko kwenye nyuzi 75. Na si kila mara kosa ni la mtumiaji au la mazingira. Mwezi Julai 2018, MacBook Pro mpya zilizokuwa na prosesa kubwa kabisa ya toleo lile zilionekana kupunguza mwendo kupita kiasi zikiwa ndani ya siku zao za mwanzo sokoni. Apple ilikiri kwamba kulikuwa na kasoro katika programu ya ndani inayosimamia joto, ikatoa sasisho. Vumbi halikuhusika.

Kuhakikisha kabla ya kufungua

Ushahidi unaohitajika ni wa vitu viwili vikisomwa pamoja, joto na mwendo. Kimoja peke yake hupotosha. Nyuzi 95 zenye mwendo mzuri ni hali ya kawaida kwa laptopu nyingi za sasa zinapofanya kazi nzito, na mwendo wa chini wakati mashine haina kazi ni kujiokoa betri tu.

Kwenye Windows, mwendo husomwa ndani ya Task Manager, kichupo cha Performance. Pale huonekana `Speed`, yaani mwendo wa sasa, na `Base speed`, mwendo wa msingi. Windows haionyeshi joto la prosesa hapo, kwa hiyo watu hutumia programu kama HWiNFO, ambayo pia ina mstari wa kusema wazi kama kiini kimejibana kwa sababu ya joto. Kwa laptopu ya mfano, kazi nzito iendeshwe kwa dakika kumi. Mwendo ukianza juu ya gigahezi 3, ukashuka baada ya nusu dakika na kutulia juu ya 1.6 huku joto likiwa nyuzi 80, hakuna tatizo. Joto likifika karibu na 100 ndani ya sekunde chache, mwendo ukawa chini ya 1.6 na kuyumba, basi njia ya joto imeziba mahali fulani. Kasi ya kupanda nayo ina habari yake. Joto linaloruka kutoka 45 hadi 100 ndani ya sekunde mbili tatu, huku hewa inayotoka kwenye matundu ikiwa vuguvugu tu, huelekeza kwenye pesti iliyokauka au bamba lisilogusa vizuri: joto halifiki kwenye mapezi. Joto linalopanda polepole kwa dakika kadhaa, hewa ikitoka kidogo na ya moto sana, huelekeza kwenye vumbi.

Windows pia huweka kumbukumbu. Ndani ya Event Viewer, kwenye orodha ya System, tukio namba 37 kutoka Kernel-Processor-Power husema mwendo wa prosesa umebanwa na programu ya ndani ya mashine, na kwa sekunde ngapi. Kwenye Linux yenye prosesa ya Intel, hesabu ya mara ambazo kiini kimejibana tangu mashine iwashwe husomwa hivi:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count
```

Kwenye kompyuta za Apple, mtu huona jina `kernel_task` likila sehemu kubwa ya prosesa na kutaka kulifunga. Halifungiki, na halistahili lawama: moja ya kazi zake ni kuzinyima programu nyingine nafasi ili chipu ipoe.

Tiba na mipaka yake

Hatua ya kwanza haina gharama. Matundu ya kuvuta hewa yako chini, na laptopu iliyowekwa kitandani, kwenye kochi au juu ya kitambaa cha meza huwa imeyaziba yote. Kuinua upande wa nyuma kwa sentimita mbili tatu juu ya meza ngumu, kwa kitabu au vizibo vya chupa, huipa feni hewa na mara nyingi husaidia karibu sawa na vile vibao vya kupozea vyenye feni zenye taa. Vibao hivyo havina ubaya, lakini hupuliza hewa kwenye plastiki ya chini, na blanketi la vumbi lililo ndani hubaki palepale.

Kusafisha kunataka mfuniko wa chini ufunguliwe, na betri ichomolewe kwenye ubao kabla ya kugusa kitu kingine. Mtindo wa kupuliza blowa kupitia matundu ya pembeni bila kufungua hurudisha blanketi nyuma kwenye feni, likavunjika vipande, na baada ya wiki chache likajikusanya upya. Likionekana wazi, huondolewa kwa kibano au brashi laini, na kilichobaki ndicho kipulizwe. Feni ishikwe kwa kidole au kijiti wakati wa kupuliza. Ikiachwa izunguke kwa nguvu ya blowa hupita kasi iliyokusudiwa, na beringi zake ndogo huharibika. Feni inayokwaruza au inayosita kuanza hubadilishwa. Kuitia mafuta ya cherehani hununua wiki chache tu.

Pesti hubadilishwa pale tu dalili zake zinapoonekana, au kipoza joto kikishang'olewa kwa sababu nyingine yoyote, kwa kuwa pesti iliyoachana haishiki tena vizuri. Ile ya zamani hufutwa kwa spiriti safi ya isopropili. Mpya huwekwa kidogo, kiasi cha kufunika chipu kwa utando mwembamba. Mlima wa pesti hauongezi ubaridi. Skrubu za bamba la shaba mara nyingi zimeandikwa namba, na hukazwa kwa kufuata namba hizo, kila moja kidogo kidogo, ili bamba lisiegemee upande mmoja na kupasua pembe ya chipu.

Anayesubiri fundi anaweza kuizuia prosesa isikimbie zile mbio za muda mfupi, kwa kuweka kikomo cha asilimia 99. Kwenye Windows amri ni hizi mbili:

```
powercfg /setacvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCTHROTTLEMAX 99
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Amri hizo huhusu wakati laptopu iko kwenye umeme; asilimia 100 hurudisha hali ya awali. Kwa i5-8250U mwendo hubaki karibu na wa msingi, feni hutulia, na kwa kazi za kuandika na kusoma tofauti ni ndogo. Ni kupunguza mzigo, si kuzibua njia.

Mwisho, kuna uzito unaofanana na huu ambao hauna uhusiano na vumbi. Mashine huwa baridi, feni kimya, nyuzi 45, na bado `Speed` imeganda kwenye gigahezi 0.4 au jirani yake, hata kazi iwe nzito vipi. Waya uleule unaoiambia prosesa ijibane kwa sababu ya joto huweza kuvutwa na sehemu nyingine za ubao, na wahusika wa kawaida ni chaja isiyotambulika, betri iliyoharibika, au kihisi kibovu kwenye ubao. Kipimo ni rahisi: chaja ichomolewe, mashine iendeshwe kwa betri peke yake. Mwendo ukirudi papo hapo, chaja ndiyo mshukiwa wa kwanza, na kinachohitajika ni ya modeli ileile yenye wati zinazotakiwa. Usiporudi, betri ichomolewe kwenye ubao na mashine ijaribiwe kwa chaja tu. Mwendo ukibaki 0.4 katika hali zote mbili, kazi hiyo ni ya fundi wa ubao mwenye vipimo vya umeme.